Jinsi ya kuandika matukio ya mwaka mzima kabla ya tathmini ya msimamizi wa zamu

Fomu ya tathmini yenyewe haina shida. Unaijaza asubuhi moja. Kazi iko kwenye daftari la matukio, na hilo halijazwi Desemba.

Anza Januari. Kila msimamizi apewe ukurasa wake: tarehe, zamu, laini, alichofanya, kilichotokea, maelezo yake, sahihi zenu wawili. Andika siku hiyohiyo, mazuri na mabaya. Maneno kama "mvivu" au "hana nidhamu" yaache nje, maana hayo ni hukumu.

Mfano wetu ni wa kiwanda cha mafuta ya kupikia, Jinja, Uganda. Maandishi ya kwanza yalisema: "14 Machi, usiku, msimamizi alizembea, mafuta yakavuja." Ofisi ya rasilimali watu ikalirudisha faili, na safari hii walikuwa na haki. Zamu iliingia tarehe 14 jioni, lakini tukio lilikuwa saa nane usiku, yaani tarehe 15. Kadi za mahudhurio zilikuwa na tarehe moja, daftari lina nyingine, na msimamizi akakana yote. Kwa hiyo zamu ya usiku andika tarehe mbili, na saa uiandike kama mashine inavyoisoma:

"Zamu ya 14/15 Machi, laini ya 2. Saa 02:20 mkaguzi wa ubora alimwambia msimamizi vifuniko vinalegea. Mashine ilisimamishwa 03:05. Katoni 38 zilitengwa."

Halafu muulize mwenyewe. Wetu alisema alimwita fundi saa 02:30, fundi akawa kwenye boila. Daftari la karakana likathibitisha. Lawama ikapungua, ikabaki moja tu: kwa nini hakuisimamisha mashine wakati anamsubiri fundi? Hilo ndilo la kuingia kwenye tathmini. Kama ni umeme uliokatika, angalia kwanza daftari la jenereta. Umeme wa Uganda usimponze mtu.

Akikataa kutia sahihi, usimlazimishe. Andika "amesomewa, amekataa", shahidi atie sahihi, naye apewe nakala.

Kosa linalostahili adhabu lisikae daftarini likingoja Desemba. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwajiri siku 15 tangu ajue kosa; zikipita bila sababu ya pekee, huhesabiwa ameachilia haki ya kuadhibu. Fungua shauri la nidhamu kando. Bosi wetu mmoja alipenda kulimbikiza makosa "ya kumwonyesha mwishoni", na mwishoni hakuwa na la kuonyesha.

Kila baada ya miezi mitatu pitia kurasa zote. Kama mmoja ana matukio tisa na mwenzake hana hata moja, angalia kwanza nani anafanya kazi karibu na ofisi yako. Wa zamu ya usiku huonekana tu mambo yanapoharibika, kwa hiyo panga kuingia usiku mara moja moja, bila simu ya kutangulia. Mlinzi wa getini atawaambia tu, lakini angalau utawakuta kazini.