Linki fupi: iangalie inaenda wapi kabla hujaifungua

Jamani ukitumiwa linki fupi ya bit.ly usiibonyeze kwanza, ikopi (bonyeza ushikilie mpaka menyu itokee), ibandike kwenye brauza halafu mwishoni ongeza alama ya kujumlisha, yaani iwe hivi:

```
https://bit.ly/xxxxx+
```

Hapo badala ya kukupeleka inakuonyesha ukurasa wenye anwani yenyewe kamili. Ya tinyurl unaweka `preview.` mbele, inakuwa `preview.tinyurl.com/xxxxx`.

Sasa kuiona tu haitoshi, lazima ujue kuisoma, na hapa ndo wengi wanaumia. Tuseme imetokea hii:

```
https://benki.com.hakiki.example/ingia
```

Jicho linakimbilia benki.com pale mwanzo, ila mwenye tovuti hayupo pale. Tafuta alama ya `/` ya kwanza baada ya zile mbili za https, kisha soma kurudi nyuma kushoto: hakiki.example, huyo ndo mwenyewe, hayo ya mbele anaweza kuandika chochote anachotaka.

QR nayo ni hivyohivyo, kamera za simu nyingi zinaonyesha anwani kabla hujagusa, isome yote, na kama imekatwa au ni fupi ikopi uipeleke kwenye ile njia ya juu. Kama ni ya ukutani pitisha kidole, ukihisi stika juu ya stika achana nayo.

Ila kuna kitu, ile alama inafunua hatua ya kwanza tu, ukikuta ndani kuna linki fupi nyingine mi huwa sifungui kabisa.