Mtoto wa chini ya miaka ngapi, na mkongwe wa miaka ngapi? Tarehe ndiyo inayoamua

Ukimsajili mtoto kwenye klabu huku ughaibuni, au ukijiandikisha mwenyewe mbio za wakongwe, usianze kwa kuuliza "ana miaka mingapi?" Uliza umri unahesabiwa kwa tarehe ipi. Mtu yuleyule, mwaka uleule, anaweza kuwa na miaka 39 kwenye mchezo mmoja na 40 kwenye mwingine, na kanuni zote mbili ziwe sahihi.

Zipo njia kuu tatu. Ya kwanza huangalia mwaka wa kuzaliwa tu. Riadha ya dunia, kwa mfano, humhesabu kijana wa chini ya miaka 20 kwa umri atakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, hata kama mbio zinafanyika Machi. Ya pili hufuata tarehe moja ya msimu. Soka la watoto Uingereza hukata usiku wa manane kati ya 31 Agosti na 1 Septemba, sawa na mwaka wa shule. Ya tatu hutazama umri wako siku yenyewe ya shindano, na ndiyo iliyozoeleka kwenye mbio za barabarani.

Kwa wakongwe ndipo mambo hukorogeka zaidi. Chukua mwanamume aliyezaliwa 10 Machi 1986. Kwenye kuogelea kwa wakongwe chini ya shirikisho la dunia, umri ni ule wa 31 Desemba, kwa hiyo tangu 1 Januari 2026 yuko kundi la 40 hadi 44, ingawa keki ya miaka 40 bado hajaikata. Kwenye riadha ya wakongwe, Februari hiyohiyo bado anakimbia kundi la 35 hadi 39. Anahamia la 40 ifikapo 10 Machi. Mashindano ya dunia ya wakongwe huchukua siku nyingi, kwa hiyo huko huhesabu umri wa siku ya kwanza ya mashindano. Ukitimiza 40 siku ya tatu, utamaliza mashindano yote ukiwa kundi la 35.

Mtu huyohuyo akilenga Marathoni ya Boston ya 20 Aprili 2026, jambo linageuka tena. Boston haitazami umri uliokuwa nao siku ulipokimbia mbio za kufuzu. Hutazama umri utakaokuwa nao siku ya Boston yenyewe. Akiwa amekimbia mbio za kufuzu mapema 2025, akiwa na miaka 38 au 39, kigezo chake bado ni cha kundi la 40: muda wa saa 3 na dakika 5, si saa 3 kamili. Wapo wanaojinyima dakika hizo tano kwa kusoma mstari usio wao. Hata hivyo, kufikia kigezo ni ruhusa ya kuomba tu; maombi yakizidi nafasi, wenye kasi zaidi ndio huchukuliwa.

Kwa vijana, angalia pia tarehe inafungwa lini. Mashindano ya soka ya Ulaya ya vijana wa chini ya miaka 21, mwaka 2025, yaliwapokea waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2002. Wengine walicheza fainali wakiwa na miaka 23, bila udanganyifu wowote, kwa sababu umri ulifungwa mwanzoni mwa mzunguko wa kufuzu.

Sasa kosa linalotuuma sisi hasa: fomu. Mtoto kazaliwa 4 Septemba 2011, ukaandika 4/9/2011. Mfumo wa Kimarekani hutanguliza mwezi, nao utasoma 9 Aprili. Kwa tarehe ya kukata ya 31 Agosti 2025, mtoto halisi ana miaka 13 na anaingia chini ya miaka 14. Aliyesomwa vibaya ana 14, anapelekwa chini ya miaka 15. Kwenye mchezo unaotazama mwaka wa kuzaliwa tu, kosa hilo halionekani kabisa, linajificha mpaka siku anapobadilisha mchezo. Kila inapowezekana, andika mwezi kwa jina.

Ndugu ambao hati zao zinasema 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikujulikana, fuateni hati. Mwandaaji atalinganisha usajili na pasi, na tarehe mbili tofauti zinaweza kukufutia matokeo. Kwenye michezo ya mwaka wa kuzaliwa, 1 Januari haikuongezei wala kukupunguzia kitu iwapo mwaka ni sahihi. Kwenye mbio zinazohesabu siku yenyewe, utaingia kundi jipya mwanzo wa mwaka, kabla ya wenzako wengi wa mwaka wako.

Kabla ya kulipa ada, tafuta kwenye kanuni za mashindano sentensi inayotaja umri "kufikia tarehe" fulani. Isipokuwepo, mwandikie mwandaaji na umpe tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya shindano, akujibu kundi lako kwa maandishi. Jibu hilo litunze pamoja na nakala ya pasi, uende nalo unapochukua namba ya kifuani.