Rili ya mudi kabla ya kupiga shoti hata moja: mambo ya kuzingatia

Filamu niliyokuwa naitafutia fedha ni ya mama mmoja wa Ukerewe, muanika dagaa. Alfajiri moja mtumbwi wa mumewe unarudi ufukweni taa bado inawaka, mwenyewe hayumo. Skripti tulikuwa nayo, bajeti tulikuwa nayo. Picha hatukuwa na hata moja, kwa kuwa fedha ya kupiga picha ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaiomba. Ndipo tukatengeneza rili ya mudi: video ya sekunde 90 iliyoungwa kwa vipande vya kazi za watu wengine, ili mfadhili aonje hali ya filamu ambayo bado iko kwenye karatasi tu.

Tusiichanganye na trela. Trela hudokeza kisa na kuwaonyesha waigizaji. Rili ya mudi haina waigizaji wake wala haidai kuwa nao. Inaonyesha mwanga, mwendo, ukimya na sauti. Ukianza kuitumia kusimulia kisa kwa nyuso za watu wa filamu nyingine, mtazamaji atatumia muda wote kujiuliza yule wa kipande cha pili ndiye yule wa cha tano.

Kabla hujafungua programu ya kuhariri, shughulika na sauti. Wengi huanza kuvuna klipu, wakifika 200 ndipo wanatafuta muziki wa kuzibandika juu yake, na rili inatoka kama video ya harusi. Sisi tulianza na simu. Tulikwenda usiku mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, tukarekodi maji yakipiga ubavu wa mbao, mtu akikohoa gizani, ndoo ikigonga mtumbwi. Kisha tukamwomba mama mmoja anayejua kusoma kwa utulivu asome mistari minne ya mhusika wetu. Tulifunika meza kwa blanketi, yeye akasoma akiwa ameinamia chini yake ili chumba kisitoe mwangwi. Sauti hiyo ilikuwa yetu kabisa, na hakuna aliyeweza kutudai. Sekunde 12 za kwanza za rili ni skrini nyeusi na maji tu, halafu nukta moja ya mwanga mbali ziwani, halafu nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo ule weusi haukuwa urembo, ndio kazi yenyewe inavyofanyika.

Sauti ikishakaa, ndipo unajua unatafuta picha zipi na ngapi. Kwa sekunde 78 zilizobaki tulihitaji vipande kama 25, kila kimoja sekunde tatu hivi, vichache vikiachwa virefu ili watu wapumue. Hapo ndipo tulipojikwaa. Katika maktaba moja ya video za bure nilipata wavuvi wa jioni, jua zuri, maji ya dhahabu, maelezo yake yakisema ni wavuvi wa Afrika. Nikaiweka. Mhariri wetu, mtu wa Mwanza, akaisimamisha, akaweka kidole kwenye skrini: "Kaka, hiki chombo kina matengo." Ilikuwa ngalawa, na ngalawa yenye matengo yake mawili, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, ni chombo cha pwani, cha Bahari ya Hindi. Ziwani kwetu dagaa huvuliwa kwa mitumbwi ya mbao isiyo na matengo. Mfadhili wa Ulaya huenda asione, lakini kwenye jopo linalochagua miradi mara nyingi hukaa mtu wa ukanda wetu, naye akiona atajiuliza kama mwongozaji amewahi kufika huko anakosema. Basi pitia kila kipande kwa jicho la mwenyeji: chombo, mavazi, mimea ya ufukweni, hata namna mtu anavyobeba beseni. Pasipopatikana kipande sahihi, ingia karibu zaidi. Mikono ikigeuza dagaa juu ya mchanga, moshi, mguu ndani ya maji. Karibu kiasi hicho, picha haisemi ni wapi.

Nyuso za mastaa ziache. Uso unaojulikana hubeba filamu yake yote, na wewe unabaki kumtangazia mwenzio. Chagua migongo, vivuli, watu wa mbali.

Jambo ambalo watayarishaji wengi hulipuuza ni kuilinganisha rili na bajeti. Tulikuwa na kipande cha kupendeza cha kamera ikishuka kutoka angani mpaka usawa wa maji usiku, taa zimetanda chini kama mji. Bajeti yetu haikuwa na droni, wala boti ya pili ya kubebea kamera. Tukakaa na mtayarishaji, rili upande mmoja na bajeti upande wa pili, tukawa tunasimamisha kila kipande na kuuliza: hiki kiko mstari gani? Vitatu havikuwa na mstari vikatoka, kile cha angani kikiwamo. Kiliniuma, siwafichi. Lakini mfadhili akiuliza utakipataje huwezi kumjibu kwamba ulikiweka kwa sababu ni kizuri.

Vipande vya kamera 20 tofauti lazima vionekane vimetoka jicho moja. Njia ya haraka ni kuvikata vyote kwa umbo moja. Kwenye video ya 1920 kwa 1080 sisi tuliweka mstari mweusi wa pikseli 138 juu na 138 chini, tukabaki na picha pana ya 804, halafu tukapunguza rangi kwa vyote na kuvutia kwenye buluu ya usiku. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha kwa hayo. Angalia pia kasi ya fremu: kipande cha fremu 30 kwa sekunde kikiingizwa kwenye mradi wa fremu 25 huweza kukwamakwama, na hilo huonekana zaidi kamera inapozunguka taratibu. Chenye nembo ya maktaba katikati ya picha kitoe.

Haki za vipande ndizo zinazotisha watu, na wanatishika mahali pasipostahili. Kuandika mwanzoni "kwa matumizi ya ndani tu" hakukupi ruhusa yoyote. Tanzania kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wenye kazi za nje nao wana zao. Katika fani hii rili za namna hii huvumiliwa zikibaki chumbani, kati ya mwombaji na jopo, lakini kuvumiliwa si kuruhusiwa. Kwa hiyo soma kwanza masharti ya mfuko unaouomba. Ikiwa hautaki picha za wengine, tumia klipu zenye leseni huru, kama za Pexels, pamoja na picha za mnato ulizopiga mwenyewe. Usiitundike YouTube hadharani, maana Content ID, mfumo wake wa kutambua kazi za wengine, inaweza kuizuia usiku wa kuamkia siku ya kujieleza. Usiikatie kipande cha kutangazia mitandaoni. Na andika mwanzoni, kwa herufi zinazosomeka, kwamba picha ni za mfano na hazijapigwa na wewe. Jopo lisije likadhani umeshaanza kazi, likakuuliza fedha za mwanzo zilitoka wapi.

Mwishowe ijaribu kwa mtu asiyesoma skripti. Mwonyeshe mara moja, kwenye spika za laptop, si za studio, kisha muulize filamu hii ni ya nini. Wa kwanza wetu alijibu: "Ya uvuvi haramu." Taa za usiku pamoja na ngoma tuliyoiweka nyuma zilikuwa zimemtia hofu ya polisi. Tukaitoa ngoma, tukabakiza maji na sauti ya yule mama. Wa pili akanyamaza kidogo, akauliza kama mume alipatikana.

Tulituma toleo hilo kwa kiungo cha Vimeo chenye nywila, tukiwa tumekifungua kwanza kwenye simu ya jirani, na faili lenyewe likiwa kwenye flashi mfukoni.