Mlo wa mwanasoka chipukizi: mambo ya kuzingatia kabla na baada ya mechi

Yale yanayojulikana tuyamalize haraka. Mchezaji aanze kunywa maji asubuhi, asingoje filimbi. Siku ya mechi si siku ya kujaribu chakula kigeni. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi, na mtoto wa miaka 15 havimhusu.

Mechi ikiwa saa 10 alasiri, mlo mkubwa uliwe saa 6 na nusu au saa 7, ili tumbo lipate saa 3 za kufanya kazi yake. Sahani ijae wali, ugali au viazi, kwa kuwa hapo ndipo miguu inapopata nguvu ya kukimbia. Kitoweo kiwe kidogo na mafuta yawe machache. Chipsi mayai ya saa 8 na nusu ndiyo inayomfanya beki ashike mbavu dakika ya 20: mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na mtu hawezi kukimbia chakula kikiwa bado kinasagwa. Maharage ni mazuri, ila kwa wengine huleta gesi, hivyo aliyekwisha kujiona hivyo ayaache hadi jioni. Saa 9 anaweza kula ndizi mbivu moja na maji kidogo. Basi.

Wengi hukosea baada ya mechi, hasa kwenye mashindano ya shule kama UMISSETA, ambako ratiba inaweza kubana. Chukua kiungo wa kilo 50 anayemaliza mechi saa 11 na nusu jioni, na kesho yake anacheza tena saa 2 asubuhi. Mfadhili anagawa soda na andazi moja moja, gari linachelewa, chakula cha usiku kinaiva saa 3. Mtoto amechoka, anadonoa kidogo na kulala. Asubuhi anapewa chai ya rangi na mkate. Kipindi cha kwanza anaonekana mzima, cha pili anatembea, na kocha anamwita mvivu. Mvivu wapi? Akiba ya wanga kwenye misuli huhitaji takriban saa 24 na chakula cha kutosha ili irudi sawasawa. Yeye alikuwa na saa 14 na nusu, na zaidi ya tatu za mwanzo zilipita karibu bure.

Soda si sumu. Ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi, na kwa saa ya kwanza kijana huyu anahitaji wanga wa karibu kiasi hicho, yaani gramu 1 kwa kila kilo ya mwili wake. Tatizo ni kwamba haina protini wala chumvi ya maana, na gesi yake humshibisha kabla hajala. Protini inayotakiwa ni gramu 15 hadi 20, za kukarabati misuli iliyochanika kidogo kidogo kwa kukimbia na kugongana, na huyu bado anakua.

Kwa hiyo kapu la timu libebe hivi kwa kila mchezaji: maziwa nusu lita na ndizi mbivu mbili. Maziwa yanampa protini gramu 16 hivi, na pamoja na ndizi anapata wanga zaidi ya gramu 70. Anayeumwa tumbo kwa maziwa fresh ajaribu mtindi siku za mazoezi, wengi huuvumilia. Yakikosekana yote mawili, mayai mawili ya kuchemsha, konzi ya karanga na viazi vitamu viwili vinatosha. Mayai yachovywe kwenye chumvi, kwa sababu jasho limeondoka nayo, na maji matupu bila chumvi hupita haraka na kutoka kwenye mkojo.

Kama kuna mzani, apimwe kabla na baada ya mechi. Akipungua kilo 1, anywe lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu, hadi wakati wa kulala. Hakuna mzani? Atazame mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, bado anadai maji.

Chakula cha usiku kibaki palepale: wali au ugali mwingi, maharage au dagaa, mboga za majani, chungwa. Asubuhi aamshwe saa 11 na nusu, anywe uji wenye sukari na mkate, kiasi cha kutomlemea, kwa kuwa kazi kubwa ilishafanyika usiku.

Mayai yachemshwe siku hiyohiyo na maziwa yakae kwenye barafu, maana kapu lililoshinda juani litaangusha timu nzima. Poda za protini zisizo na lebo ya kueleweka msinunue. Na kijana anayetapika au kuchanganyikiwa baada ya mechi ya jua kali msimlazimishe kula. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, na aitiwe daktari mara moja.