Kuijua ramani ya Afrika Magharibi: mchoro, makundi na ramani tupu

Mwanafunzi niliyemsaidia majuzi alitaja nchi za pwani ya Afrika Magharibi kwa mfuatano bila kukosea hata moja. Nilipoweka kidole katikati ya ramani tupu na kumuuliza hii ni nchi gani, ikabidi ahesabu upya kuanzia Senegal. Alichokariri ni orodha, si ramani.

Hatua ya 1: Chora pwani

Tumia penseli na karatasi nyeupe. Kunakili kwa karatasi inayoonyesha sikupendi hata kidogo, kwa sababu mkono hufuata mstari na akili haipimi chochote. Weka nukta tatu: Dakar, karibu na latitudo 15 kaskazini, Rasi ya Palmas, chini kulia, karibu na latitudo 4, na delta ya mto Niger, mashariki ya rasi hiyo, takriban latitudo ileile. Ziunganishe. Umepata mteremko, kona, kisha mstari wa kwenda mashariki.

Hatua ya 2: Gawa makundi

Mteremkoni: Senegal na Gambia iliyo ndani yake, Guinea-Bissau, Guinea, Sierra Leone, Liberia. Baada ya kona: Kodivaa, Ghana, Togo, Benin, Nigeria. Zisizo na bahari: Mali, Burkina Faso, Niger. Rasi ya Palmas iko Liberia, jirani kabisa na mpaka wa Kodivaa, kwa hiyo kona yenyewe hutenganisha makundi mawili ya kwanza.

Hatua ya 3: Jipime kwa ramani tupu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Ramani yenye mipaka iliyochorwa tayari hukudokezea jibu: ukiona kipande chembamba kinachofuata mto, unajua ni Gambia hata kama hujui iko wapi. Anza nayo ukitaka, lakini hamia mapema kwenye ramani yenye pwani tu, mipaka uichore mwenyewe.

Usijipime mara baada ya kufunga atlasi. Ngoja hadi kesho yake. Usianzie Senegal kila mara pia. Andika majina kwenye vikaratasi, vichanganye, na uweke kila nchi kwa zamu yake.

Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine na uangalie makosa yanakuja kwa jozi zipi. Togo na Benin hubadilishana nafasi mara nyingi. Kuandika jina sahihi mara kumi hakusaidii. Tafuta jirani anayezitofautisha. Benin inapakana na Niger na Nigeria, Togo haipakani na yoyote kati ya hizo. Kisha zunguka Burkina Faso kwa mwendo wa saa: Mali, Niger, Benin, Togo, Ghana, Kodivaa. Ukikwama popote, mpaka huo ndio wa kuchora tena.

Hatua ya 4: Pitisha mto Niger

Unaanzia milima ya Guinea, unaipa bahari mgongo hadi Mali, unapinda karibu na Timbuktu, unapita Niger, unagusa mpaka wa Benin, na kuishia deltani Nigeria. Uchore bila kutazama atlasi.