Kikapu chenye vifungo vitatu kisitoke na vinne

Ukiiagiza akili mnemba ichore kikapu cha gugumaji, kama vile vya Kisumu, usiandike tu "kikapu chenye vifungo vitatu na mikono miwili". Idadi peke yake huteleza upesi. Kipe kila kifungo mahali pake:

"Kikapu kimoja, kinaonekana kutoka mbele. Vifungo vitatu vya mbao katika mstari mmoja wima katikati: cha kwanza chini ya ukingo, cha pili katikati, cha tatu karibu na kitako. Mikono miwili ya ngozi: mmoja ukingo wa mbele, mwingine ukingo wa nyuma, umeinuka kidogo juu ya ule wa mbele."

Kila sehemu itaje mara moja tu. Ukirudia vifungo mwishoni, huenda vikachorwa tena. Pia usiandike "kusiwe na kifungo cha nne", kwa sababu kukitaja tu kunaweza kukileta. Ukitaja kushoto, kuwe kushoto kwa mtazamaji.

Picha ikitoka, hesabu. Kosa likiwa kwenye kifungo kimoja, rekebisha eneo hilo pekee. Na kikapu kikiwa na shanga arobaini? Hapo piga picha kikapu chenyewe, ubadilishe mandhari ya nyuma tu.