Ushuru wa bidhaa: mambo ya kuzingatia kabla hujajibu barua ya kuhojiwa ritani

Nafunga hesabu za viwanda vidogo, vingi vikiwa vya maji ya chupa, na barua za aina hii kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania zimepita mezani kwangu za kutosha. Huwa zinasema jambo moja: kiasi ulichokiri kwenye ritani ya ushuru wa bidhaa hakilingani na malighafi uliyonunua, au na stempu za kodi ulizobandika kwenye chupa, basi eleza. Mwenye kiwanda akiisoma hukasirika, kwa sababu anajua hajaficha mzigo. Tulia kwanza. Anayeihoji ritani yako hana haja ya kukufahamu, anazo namba mbili zisizokutana na anataka kujua kilichomo katikati.

Soma barua yote na uone inataka miezi ipi. Jibu kwa maandishi, ndani ya siku ulizopewa, na ukihitaji siku zaidi ziombe kwa maandishi pia kabla hazijaisha. Usirekebishe ritani kabla hesabu haijakamilika. Na daftari la zamani usiliguse kwa kalamu, hata kama lina kosa la wazi: kosa lieleze kwenye karatasi nyingine. Daftari lililofutwafutwa halimsaidii mtu.

Kabla ya kitu kingine chochote, badilisha kila kitu kiwe kwenye kipimo kimoja. Ushuru wa maji ya chupa hutozwa kwa lita, stoo huhesabu katoni, mashine huhesabu chupa, na muuza malighafi huandika mifuko au kilo. Nimeona tofauti kubwa ikiyeyuka asubuhi moja kwa sababu tu katoni ya chupa 24 za nusu lita, ambayo ni lita 12, iliandikwa kama katoni ya lita 18. Mimi hupeleka kila kitu kwenye chupa kwanza, kisha mwishoni nageuza kuwa lita.

Halafu angalia tarehe. Kinachotazamwa kwenye ushuru ni mzigo kutoka kiwandani, wala si siku mteja aliyolipa. Gari lililopakiwa na kuondoka jioni ya tarehe 31 na kukatiwa risiti ya EFD asubuhi ya tarehe 1 limetoka mwezi uliopita. Chukua hati za kutolea mzigo za siku mbili za mwisho wa kila mwezi, linganisha na daftari la mlinzi getini, na hapo utaona ni magari mangapi yamevuka mwezi.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Nitatumia kiwanda kimoja cha Mkoa wa Pwani kinachojaza chupa za nusu lita tu. Mwezi uliohojiwa kilikuwa kimekiri katoni 14,000, yaani chupa 336,000, lita 168,000. Ofisa aliyeikagua ritani alianzia kwenye prifomu, zile chupa changa za plastiki zinazopulizwa kuwa chupa kamili. Mwezi ulianza na prifomu 90,000 stoo, zikanunuliwa 360,000, zikabaki 78,000. Zilizotumika ni 372,000. Toa 336,000 zilizokiriwa, zinabaki chupa 36,000, ambazo ni lita 18,000 zisizojulikana zilikokwenda. Kwa kiwango cha kukadiria tu cha shilingi 60 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,080,000 za ushuru kwa mwezi mmoja. Na haiishii hapo, maana chupa zinazodhaniwa zimeuzwa kimya huleta pia swali la VAT na la kodi ya mapato, pamoja na riba.

Mama mwenye kiwanda aliniambia, "Mwanangu, sijauza hata chupa moja gizani." Nilimwamini. Lakini kumwamini si kielelezo, kwa hiyo tukaanza kuzifuata prifomu 372,000 hatua kwa hatua, kutoka mlango wa stoo ya malighafi hadi getini.

Hatua ya kwanza ni mashine ya kupuliza. Hapo prifomu nyingine hupasuka, nyingine hutoka zimepinda shingo, hasa mashine inapowashwa asubuhi na kila umeme unapokatika, kwa sababu zilizokwisha kupashwa moto hazitumiki tena. Daftari la zamu lilionyesha 7,500 za namna hiyo. Zikabaki 364,500 zilizoingia kwenye kujazwa na kubandikwa stempu. Hapa tukafungua leja ya stempu, na kweli stempu zilizotumika zilikuwa 364,500. Hii ni habari njema kuliko watu wanavyodhani. Stempu na prifomu ni vitabu viwili vinavyoshikwa na watu wawili tofauti, na vikikubaliana, sehemu ya juu ya hesabu yako ina ushahidi usiotegemea maneno yako.

Hatua ya pili ni kasoro baada ya kujaza: kizibo kimekaa upande, lebo imekunjamana, maji hayajafika shingoni. Msimamizi alisema ni kama 4,000 kwa mwezi. Zikatoka chupa nzuri 360,500. Hatua ya tatu ni stoo ya bidhaa iliyokamilika: mwezi ulianza na katoni 400 ukaisha na 1,300, hivyo katoni 900, sawa na chupa 21,600, zilikuwa bado ndani na ushuru wake ulikuwa haujafika. Toa hizo, zinabaki 338,900 zilizotoka stoo. Zilizokiriwa ni 336,000. Pengo halikuwa tena 36,000, lilikuwa chupa 2,900.

Hizo 2,900 tulizipata kwenye daftari la mlinzi. Chupa 20 zilikwenda kupimwa maabara. Nyingine 2,880, yaani katoni 120, zilitoka bila risiti: nyongeza kwa mawakala walionunua mzigo mkubwa, na katoni zilizopelekwa kwenye misiba miwili na harusi moja. Mama alishangaa kwamba zinahesabiwa, kwa kuwa hakupata hata senti. Zinahesabiwa. Ushuru huu unakwenda na lita zilizotoka kiwandani, na zawadi imetoka kiwandani. Katoni 120 ni lita 1,440, kwa kiwango kile kile shilingi 86,400. Nilimwambia aandike kwenye jibu lake kwamba hizi anazidaiwa. Unapokubali unachodaiwa kweli, yale unayoyakataa husomwa kwa uzito.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo lililomuumiza. Ofisa alikubali stoo, kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwezi yenye sahihi mbili. Alikubali zile 7,500 za kupuliza, kwa sababu daftari la zamu lilikuwepo, chafu lenye mafuta, lakini limeandikwa kila siku na mwendeshaji mashine. Kisha akauliza kuhusu zile 4,000 zilizokuwa zimeshajazwa. Hapakuwa na kitu. Maji yalimwagwa, chupa zikatiwa kwenye magunia pamoja na takataka nyingine za plastiki, mnunuzi wa chakavu akazibeba kwa fedha taslimu bila kuandikiana. Stempu zake ziliondoka zikiwa zimebandikwa kwenye chupa. Kwenye mfumo stempu hizo zinasomeka kuwa zimetumika, na hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwamba chupa yake haikufika sokoni. Zikahesabiwa kuwa zimetoka: lita 2,000 nyingine, shilingi 120,000.

Kama ingekuwa mwezi huo tu, angelipa na kuendelea. Lakini barua ya pili ikataka hesabu hiyo hiyo kwa miezi kumi na miwili, na mwendeshaji mashine wa awali, aliyeacha kazi katikati ya mwaka, alikuwa ameacha madaftari yake kwenye kabati ambalo baadaye lilisafishwa kupisha vifaa. Kwa miezi ile hapakuwa na uthibitisho wa chupa zilizoharibika kujazwa, na wa prifomu zilizopasuka pia haukuwepo. Mama yule alitozwa ushuru wa maji ambayo hayakuwahi kuingia kwenye chupa. Tulijaribu kuonyesha kwamba mashine ile ile hupoteza kiasi kile kile kila mwezi. Sehemu ndogo ilikubaliwa, kubwa ikakataliwa. Inauma kumtazama mtu analipa kwa sababu ya kabati lililosafishwa.

Kwa hiyo kasoro zipime. Kila mwisho wa zamu andika zilizoharibika kupulizwa na zilizoharibika baada ya kujazwa, kila aina peke yake, na aandike mwendeshaji, asaini msimamizi. Chakavu kiuzwe kwa kilo na kwa risiti, vizibo vikiwa vimetolewa. Kwenye kesi hii prifomu ilikuwa na gramu 16, hivyo vipande 11,500 vingekuwa kilo 184, na risiti moja ya kilo 184 ingefunga mjadala wote. Stempu ya chupa iliyoharibika ichukuliwe hesabu na kuripotiwa kabla chupa haijaingia gunia. Ukiona kasoro zimepanda ghafla mwezi fulani, andika sababu wakati huo huo: umeme, kipuri, au shehena mbaya ya prifomu. Na madaftari haya ni kumbukumbu za kodi kama zilivyo ankara. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka zitunzwe miaka 5. Mfanyakazi akiacha kazi, daftari linabaki ofisini, si kwenye kabati la mashine.

Kama kiwango chako cha kasoro kinabishaniwa na huna daftari, unaweza kumwomba ofisa aje ashuhudie uzalishaji wa siku nzima, mhesabu pamoja kuanzia prifomu hadi katoni. Haitarudisha yote ya nyuma, lakini inakupa namba ambayo si ya mdomo wako.

Makadirio yakishatolewa na hukubaliani nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi, na halitapokelewa mpaka ulipe kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Tafuta fedha hizo mapema. Nimeona mtu mwenye hoja nzuri akikosa mlango kwa sababu alianza kuzitafuta siku ya 28.

Linganisha pia ritani ya ushuru na ile ya VAT ya mwezi huo huo, maana anayekuhoji anaziona zote mbili. Mzigo uliorudishwa na mawakala uwe na hati ya kurudi. Maji wanayokunywa wafanyakazi yaandikwe yanapotoka stoo. Anayetunza leja ya stempu asiwe yule yule anayetunza prifomu. Na ukimaliza kurekebisha mwezi uliohojiwa, usiishie hapo: mali iliyofunga mwezi huo ndiyo inayofungua unaofuata, kwa hiyo peleka marekebisho mbele mwezi kwa mwezi hadi ulipo leo, kisha nenda stoo uhesabu katoni kwa mkono wako uone kama zinafika kwenye namba iliyoandikwa.